Feni ya Dari kwa Chumba Chenye Dari Fupi: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

(Mazungumzo tuliyoyatoa Liboi mbele ya mafundi, wenye maduka na walezi wa bweni. Tumeyaandika hapa kwa ombi la wale ambao hawakuweza kufika.)

Leo hatutazungumza mambo mengi. Tutazungumza jambo moja tu: feni ya dari. Tena si feni ya kila chumba, bali ya vyumba vyetu hapa Liboi ambavyo dari yake iko chini. Wengi wetu tumejenga hivyo kwa sababu mawe na saruji ni ghali kuleta, na kila safu ya mawe ukiipunguza unaokoa pesa. Nyumba ikisha, mtu anapigilia bodi za dari ili kuzuia joto la mabati, na hapo chumba kinakuwa kifupi zaidi. Halafu anapanda gari kwenda Garissa kununua feni. Hiyo ni safari ya zaidi ya kilomita 150, na muuzaji anamwuliza swali moja tu: "Unataka kubwa au ndogo?"

Tunataka ujue jibu kabla hujapanda gari.

Tutaanza na kosa letu wenyewe, maana hilo ndilo lililotufundisha. Tulikuwa na chumba cha wafanyakazi wawili. Urefu wake ulikuwa mita 3.6, upana mita 3, na kutoka sakafuni mpaka kwenye bodi za dari ni mita 2.58. Tulinunua feni ya inchi 56, ile kubwa, kwa kufikiri kwamba kubwa ndiyo yenye upepo. Ilikuja na paipu yake ya kuning'inizia ya sentimita 30. Ukijumlisha paipu, kikombe cha juu na mota, mabawa yalishuka sentimita 42 kutoka kwenye dari. Toa 42 katika 258, unabaki na 216. Maana yake mabawa yalizunguka mita 2.16 kutoka sakafuni.

Tuliridhika. Tulikuwa tumesikia kwamba Marekani wanakubali futi 7, yaani mita 2.13, na sisi tulikuwa tumepita hapo. Lakini siku moja jioni mmoja wa wale vijana alirudi kazini, akawasha feni, akavua shati kwa kulivuta kichwani kama tunavyofanya sote. Mikono ikapanda juu, shati limefunika macho. Bawa likampiga vidole viwili. Kimoja kilipasuka mpaka tukampeleka kushonwa. Si mtu mrefu sana, ana kama mita 1.75. Lakini mtu wa kimo hicho akinyoosha mikono anafika mita 2.2 na zaidi kidogo.

Ndugu zetu wa Tanzania huiita feni hii pangaboi. Jina hilo lina panga ndani yake, na siku ile tuliona kwa nini.

Basi hili ndilo jambo la kwanza. Usianze na ukubwa wa feni. Anza na nafasi kati ya sakafu na mabawa. Karatasi ya maelezo inayokuja ndani ya boksi mara nyingi huandika kwamba mabawa yawe juu ya mita 2.3 kutoka sakafuni. Wengi wetu tunaitupa karatasi hiyo pamoja na boksi. Sisi sasa tunaishika mita 2.3 kama mpaka. Mtu mrefu bado anaweza kufikia akitaka, hilo ni kweli. Lakini mtu wa kawaida anayevaa kanzu, anayekunja neti, au mama anayembeba mtoto begani, atapita salama.

Pima kutoka kwenye sakafu ya mwisho. Kama leo sakafu ni saruji mbichi na mwezi ujao utaweka vigae juu ya udongo wa saruji, unaweza kupoteza sentimita 4 au 5. Katika chumba kirefu hilo si kitu. Katika chumba kifupi, sentimita 5 ndizo zinazoamua.

Sasa tuendelee na kile kijana wetu. Baada ya ajali tulifanya kile ambacho fundi yeyote angefanya kwa haraka: tulikata paipu. Tuliifupisha mpaka mabawa yakawa sentimita 18 tu chini ya dari. Hapo mabawa yalikuwa mita 2.40 kutoka sakafuni. Salama kabisa. Lakini upepo ukaisha. Feni ilikuwa ileile, kasi ileile, umeme uleule. Ilivuma kwa sauti nzito na ukikaa chini yake unapata kijiupepo cha kukatisha tamaa. Yule kijana, mkono umefungwa bandeji, akatuambia, "Afadhali ile iliyonipiga, ilikuwa inafanya kazi."

Kwa nini? Hebu tufikirie hewa inatoka wapi. Feni haitengenezi hewa. Inaivuta kutoka juu ya mabawa na kuisukuma chini. Lakini juu ya mabawa kuna dari, hewa haipiti hapo. Kwa hiyo lazima iingie kwa pembeni, kupitia mwanya unaozunguka feni yote kati ya ncha za mabawa na dari. Mwanya huo ndio mlango wa hewa. Ukiuziba, feni inasaga hewa ileile ya juu na kuizungusha hapohapo.

Fundi anaweza kupima mlango huo kwa hesabu nyepesi. Chukua mzunguko wa feni, zidisha kwa nafasi iliyo kati ya mabawa na dari, utapata ukubwa wa mlango. Kisha linganisha na duara ambalo mabawa yanalifagia. Ukifanya hesabu hiyo utaona jambo la kupendeza: mlango unalingana na duara pale nafasi ya juu inapokuwa robo ya upana wa feni. Kwa feni yetu ya inchi 56, ambayo ni karibu sentimita 142, robo ni kama sentimita 36. Sisi tuliipa 18. Yaani tuliifungia nusu ya mlango.

Basi hili ndilo la pili: nafasi juu ya mabawa iwe kama robo ya upana wa feni. Hiyo ni kanuni yetu ya kazi, si sheria ya serikali. Ukipungukiwa na sentimita mbili tatu hutaona tofauti kubwa. Ukipungukiwa nusu, utaona.

Sasa unganisha mambo hayo mawili. Chini ya mabawa mita 2.3. Juu ya mabawa robo ya upana. Jumlisha, utapata dari ambayo kila feni inaihitaji. Feni ya inchi 36, yenye upana wa sentimita 91, inahitaji sentimita 23 juu yake, kwa hiyo dari ya mita 2.53. Ya inchi 42 inahitaji dari ya kama mita 2.57. Ya inchi 48 inahitaji mita 2.60 au juu kidogo. Na ya inchi 56 inahitaji karibu mita 2.66.

Mmeona? Watu wengi hufikiri ukubwa wa feni huamuliwa na ukubwa wa chumba peke yake. Kwa dari ndefu ni sawa. Kwa dari fupi, ni dari inayoamua kwanza, na kadiri dari inavyoshuka ndivyo feni inavyotakiwa kuwa ndogo. Feni ndogo iliyopewa nafasi ya kupumua inakupa upepo kuliko kubwa iliyobanwa darini.

Katika kile chumba chetu tuliishia na feni ya inchi 42. Tulitafuta yenye paipu fupi, ili mabawa yashuke sentimita 27 tu. Toa 27 katika 258, unapata mita 2.31. Robo ya upana wa feni hiyo ni kama sentimita 27 vilevile. Ikaingia sawasawa. Chumba cha mita 3 kwa 3.6 kinatosheka na feni ya kiasi hicho, na kutoka ncha ya bawa mpaka ukutani kulibaki karibu mita moja upande mwembamba. Usiache chini ya nusu mita kwa ukuta au kabati, maana hapo pia hewa inagonga na kurudi.

Hapo mama mmoja aliyekaa mbele akatuuliza: "Na duka langu ni refu na jembamba, mita 3 kwa 6. Si ninunue ile kubwa moja?" Tulimjibu hivi. Mama, feni moja kubwa katikati itawapa upepo wanaosimama katikati tu, na wewe unayekaa kwenye kaunta mwishoni hutaupata. Weka mbili ndogo, za inchi 36 au 42, kila moja katikati ya nusu yake ya duka. Tena zote mbili zitakubali dari yako, wakati ile kubwa ingeweza kukataa. Na mchana kukiwa hakuna mteja, unazima ya mbele.

Mzee mmoja naye akauliza kuhusu mabati yenye mteremko, yasiyo na bodi. Mzee, hapo usipime katikati tu. Upande ambao mabati yanashuka ndiko ncha ya bawa inakokaribia. Nyoosha fimbo yenye urefu wa nusu ya upana wa feni kutoka pale paipu itakapoishia, izungushe pande zote, uone ni wapi inasogelea mabati au boriti. Pale palipo karibu zaidi ndipo unapopima ile nafasi ya juu.

Sasa tuzungumze kidogo juu ya kukata paipu, kwa sababu tunajua mafundi mtakata tu. Ukiweza kununua paipu fupi ya feni hiyohiyo, nunua. Ukilazimika kukata, toboa tundu jipya la bolti lipite pande zote mbili kwa unyoofu, umbali uleule kutoka mwishoni kama lile la kiwandani. Lainisha makali ya ndani kwa tupa, la sivyo yatakata ngozi ya waya pole pole wakati feni inatikisika. Bolti iwe na nati, na mwishoni mwa bolti kuwe na ile pini ya kupindua inayozuia nati isifunguke. Usichomelee paipu mbili pamoja. Tumeona kiungo cha kuchomelea kimepasuka nusu ya mzunguko bila mtu kujua, kwa sababu kilikuwa kimefichwa ndani ya kikombe.

Na feni isining'inie kwenye bodi ya dari hata siku moja. Bodi haibebi kitu. Toboa bodi, paipu ipite, na kulabu au bolti ishike boriti yenyewe iliyo juu. Kama boriti haiko pale unapotaka, lalisha mbao nene kati ya boriti mbili na uifunge kwa skrubu ndefu au bolti, si kwa misumari peke yake. Feni yenyewe ina kilo chache tu, lakini inatikisa usiku kucha, na msumari hutoka kidogo kidogo.

Kabla hujashuka kwenye ngazi, fanya jaribio moja. Umeme ukiwa umezimwa kwenye swichi kuu, simamisha kijiti kutoka darini mpaka kwenye ncha ya bawa la kwanza, weka alama. Zungusha kwa mkono, lete bawa la pili na la tatu kwenye kijiti kilekile. Kama moja limeachana na mengine kwa zaidi ya milimita chache, limepinda au skrubu yake haijakazwa. Ndilo litakaloyumbisha feni. Katika dari ndefu feni inayoyumba inakera. Katika dari fupi inapunguza zile sentimita zako za usalama.

Halafu washa, ukae mahali watu watakapokaa, ushike kipande cha karatasi nyembamba mbele ya kifua. Kikipepea, sawa. Kama kinaning'inia tu huku feni inavuma kwa kasi ya juu, rudi uangalie mambo mawili: je, nafasi ya juu ni finyu, na je, feni inazunguka upande sahihi? Nyaya au swichi ya kugeuza ikikosewa katika feni nyingine, hewa inapanda badala ya kushuka.

Tumefika kwenye jambo gumu, na tunaomba walezi wa bweni wasikilize. Kuna vyumba ambavyo jibu lake ni kwamba feni ya dari haifai kabisa. Cha kwanza ni chumba ambacho dari yake haifiki mita 2.5. Hata ile ya inchi 36 haitapata nafasi yake. Kuna feni za kubana dari zisizo na paipu, na zinasaidia kidogo kwenye mpaka, lakini kumbukeni ule mlango wa hewa. Zinafungwa karibu sana, na upepo wake ni haba.

Cha pili ni chumba chenye vitanda vya juu na chini. Mtoto aliyelala kitanda cha juu akiamka ghafla usiku na kuketi, kichwa chake kiko karibu na urefu wa mabawa, haijalishi umepima mita 2.3 kutoka sakafuni vizuri namna gani. Sakafu ya mtoto huyo ni godoro lake. Akinyoosha mkono anafika karibu sentimita 80 pembeni. Kwa hiyo tunasema ncha ya bawa iwe angalau mita moja kutoka ukingo wa kitanda cha juu. Katika bweni la upana wa mita 3 lenye vitanda pande mbili, nafasi hiyo haipo. Basi usifunge.

Fungeni feni za ukutani, zile zenye kizimba cha nyaya zinazobana kiasi kwamba kidole hakipiti. Iwekwe upande wa miguu, ielekezwe kando ya kitanda, na waya wake upite mahali ambapo mtoto hawezi kuutumia kama ngazi. Chumba kidogo chenye dari ya mita 2.4 kitapata upepo mzuri kwa feni ya ukutani ya inchi 16 kuliko feni yoyote ya dari utakayoilazimisha.

Na neti. Tunajua hapa hatulali bila neti wakati wa mvua. Neti iliyofungwa kwa kamba kutoka darini, chini au kando ya feni, hupepea, na kamba iliyolegea huweza kunaswa na bawa. Fungeni kamba kwenye misumari ya ukutani, chini ya urefu wa mabawa, na neti ichomekwe chini ya godoro.

Mtatuuliza kuhusu umeme. Feni ya kawaida ya inchi 48 hutumia kama wati 75. Ukiiwasha saa 8 usiku, hiyo ni wati-saa 600. Zile za mota mpya zisizo na brashi hutumia karibu wati 30, yaani wati-saa 240 kwa usiku huohuo. Kwa mtu wa sola au jenereta, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama betri itafika alfajiri. Bei yake iko juu, lakini pima pamoja na bei ya betri.

Mwisho, tusidanganyane. Feni haipoozi chumba. Inapooza ngozi, kwa kukausha jasho. Ukitoka chumbani, izime, hewa ya chumba haitabadilika. Na ile siku ambayo hewa yenyewe imepita digrii 40, upepo wa feni unaweza kukuongezea joto badala ya kukupunguzia, hasa kwa mzee, mgonjwa au mtoto asiyetoa jasho vizuri. Siku hiyo maji ya kunywa, kitambaa chenye maji mwilini na kivuli ndivyo vitakavyosaidia. Tena katika dari fupi bodi iliyochomwa na mabati huwa karibu na mabawa, na feni huivuta ile hewa ya moto ya juu na kuishusha kwenu. Toboeni matundu ya hewa juu ya ukuta, karibu na dari, pande mbili zinazotazamana, hewa hiyo ipate njia ya kutoka.

Kabla hatujaondoka, yule kijana wetu aliomba aseme neno. Akainua mkono wake tuone kidole, akasema, "Mkienda Garissa, chukueni tepu kwanza mpime nyumbani. Andikeni namba tatu: sakafu mpaka dari, urefu wa chumba, upana wa chumba. Mkifika dukani mwulize muuzaji hii feni mabawa yake yanashuka sentimita ngapi kutoka darini. Kama hajui, mwambie aitoe kwenye boksi mpime hapohapo."

Sisi hatuna la kuongeza.